Picha nne za kuchagua: tuzieleze moja moja au tuchore ya kwetu kwanza?

"Kwenye maswali ambayo majibu yake ni grafu nne, mwalimu anataka tueleze kila moja kwa maneno kabla ya kuchagua. Si ni haraka zaidi nichore grafu yangu pembeni, halafu nitafute inayofanana nayo?"

Anayechora kwanza ana hoja nzito, na tuanze kwa kumpa haki yake. Vipotoshi, yaani yale majibu matatu yasiyo sahihi, hutungwa ili vivutie. Mtahiniwa anayevitazama akiwa hana chochote kichwani huyumba. Aliyekwisha kuchora lake ana kipimo cha kulinganishia. Tena mchoro mmoja huchukua muda mfupi kuliko maelezo manne, na pale ambapo kila swali lina dakika moja na nusu, hilo si jambo la kubeza. Kwa swali ambalo picha zake zinatofautiana kwa namba tu, kwa mfano mstari unakata mhimili wa wima kwenye 3 au kwenye 5, njia hiyo ndiyo bora: piga hesabu, tafuta namba yako, endelea.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mchoro wa pembeni ni sahihi. Mtungaji wa maswali anayeijua kazi yake habuni vipotoshi kwa kubahatisha. Anavitoa kwenye makosa ambayo wanafunzi huyafanya mara kwa mara. Kwa hiyo mwenye dhana potofu atachora kosa lake, atageuka kutazama majibu, na atalikuta kosa hilohilo limechorwa vizuri likimngoja. Mashaka kidogo aliyokuwa nayo yanaisha hapo. Mchoro wake haukumlinda na kipotoshi, bali ulimpeleka moja kwa moja kwacho. Kueleza picha kwa maneno kunavunja mzunguko huo, kwa sababu kunailazimisha kila picha iseme kitu kinafanya nini, hata ile iliyokwisha kupendwa.

Tuchukue swali moja tulifuate hadi mwisho. Mpira unarushwa wima kwenda juu kwa mita 20 kwa sekunde, kisha unadakwa pale pale uliporushwa. Mwelekeo wa juu ni chanya, upinzani wa hewa unapuuzwa, na mvutano wa dunia unabadilisha velositi kwa mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Ni grafu ipi inayoonyesha velositi dhidi ya muda?

Picha A inaanzia kwenye sifuri, inapanda kwa mkunjo hadi kilele kwenye sekunde ya 2, kisha inashuka hadi sifuri kwenye sekunde ya 4. Picha B inaanzia 20, inashuka kwa mstari ulionyooka hadi sifuri kwenye sekunde ya 2, halafu inapanda tena hadi 20. Picha C inaanzia 20, inashuka kwa mstari mmoja ulionyooka, inaukata mhimili kwenye sekunde ya 2 na kuishia hasi 20. Picha D inaanzia 20, inashuka hadi sifuri kwenye sekunde ya 2, kisha inalala juu ya mhimili hadi mwisho.

Hayo bado ni maumbo tu, na ukiishia hapo hujaeleza kitu. Maelezo yenye faida yanafuata mpangilio uleule kwa kila picha: mihimili inapima nini, thamani ya mwanzo ni ipi, mteremko una maana gani katika kila kipande, mstari unaukata mhimili wapi, na mwishoni kitu kiko katika hali gani. Na sentensi iwe juu ya mpira, isiwe juu ya mstari.

Kwa utaratibu huo, A inasema hivi: mpira unaondoka mkononi ukiwa na velositi ya sifuri, unazidi kushika kasi kadiri unavyopaa, uko kwenye kasi yake kubwa kabisa kwenye sekunde ya 2, kisha unapungua kasi huku ukiendelea kupaa hadi sekunde ya 4. Sentensi hiyo ikishaandikwa hakuna haja ya fizikia zaidi kuikataa. Picha yenyewe, hata hivyo, ina mvuto mkubwa, kwa kuwa inafanana na safari ya mpira: juu, kisha chini. Kuichukulia grafu kama picha ya tukio ni kosa linalojulikana vizuri. Robert Beichner, mtafiti wa ufundishaji wa fizikia, aliliweka kwenye orodha yake ya makosa ya kusoma grafu za mwendo alipochapisha TUG-K, jaribio la kupima uelewa wa grafu hizo, mwaka 1994. Anayechora kwanza, kama ana kosa hilo, atachora A bila kusita.

B inaanza vizuri: mpira unaondoka kwa 20 na unapungua kasi hadi sifuri. Baada ya hapo mstari uko juu ya mhimili, na juu ya mhimili maana yake velositi ni chanya, kwa hiyo mpira unaendelea kupaa. Picha B, ikisomwa kama ilivyo, inasema mpira ulisimama kidogo kwenye mita 20 kisha ukaongeza mwendo kuelekea juu, na kwenye sekunde ya 4 uko mita 40 juu ya mkono ulioutupa. Kwenye grafu ya velositi, eneo kati ya mstari na mhimili ndilo umbali uliosogea, na hizo mita 40 ni eneo la pembetatu mbili zilizo juu ya mhimili, kila moja mita 20. Mteremko nao umegeuka kutoka hasi 10 hadi chanya 10, kana kwamba mvutano wa dunia umebadili upande katikati ya safari.

D inasema mpira ulifika mita 20 ukabaki hapo, ukining'inia kwa sekunde mbili. C inasema mpira uliondoka kwa 20, ukapungua, ukasimama kwa nukta moja ya muda kwenye sekunde ya 2, kisha ukarudi chini ukizidisha kasi hadi kumfikia mdakaji kwa hasi 20. Eneo la juu ya mhimili ni mita 20 na la chini ni mita 20, yanafutana, mpira umerudi mkononi. Mteremko ni hasi 10 kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pale velositi ilipo sifuri. Hicho kipande cha mwisho ndicho swali lilikuwa linakitafuta, na aliyechora C haraka kwa mazoea anaweza kupata alama bila kukigusa kabisa.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa mchoro wa pembeni hawalioni mara nyingi, nami naliona kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote. Kipotoshi kizuri huwa ni jibu sahihi la swali jingine. Badilisha mhimili wa wima wa A uwe kimo badala ya velositi, na A inakuwa sahihi, kilele chake kikiwa mita 20. Badilisha mhimili wa B uwe spidi, ambayo haina alama ya mwelekeo, na B inakuwa sahihi. D ni sahihi kwa mpira uliodakwa na mtu aliyekaa dirishani, mita 20 juu. Anayeweza kusema kila picha inajibu swali gani ameshajua ni neno lipi ndani ya swali lililobeba uamuzi wote: hapa ni "velositi". Mtahiniwa aliyechora na kulinganisha hana habari hiyo. Swali lile likirudi na neno "spidi", picha zikiwa zilezile nne, atakuwa hatarini kuchagua C tena kwa sababu ndiyo anayoikumbuka.

Kwenye miundo ya kemia udhaifu wa kuchora kwanza unajitokeza kwa namna nyingine. Swali: ni mchoro upi ulio isoma ya pentani, C5H12, yaani wenye fomula hiyohiyo lakini kaboni zake zimeungana kwa mpangilio mwingine? Michoro ni ya zigizaga, kila kona na kila ncha ikiwa kaboni. Wa kwanza ni mstari wa kaboni tano uliokunjwa kama herufi U. Wa pili una kaboni nne mfululizo na tawi moja kwenye ya pili. Wa tatu una kaboni nne mfululizo na matawi mawili, moja kwenye ya pili na moja kwenye ya tatu. Wa nne ni duara la pembe tano.

Anayechora kwanza huenda akachora 2,2-dimethilipropani: kaboni moja katikati, nne kuizunguka. Ni isoma halali kabisa ya pentani, lakini haimo kwenye machaguo. Atabaki ameduwaa, au atatafuta "inayokaribia". Pale ambapo majibu sahihi yanaweza kuwa zaidi ya moja, kuchora kwanza ni kubahatisha ni lipi mtungaji alilichagua. Maelezo hayana tatizo hilo. Pita kwa kidole kwenye mchoro wa kwanza: kaboni tano mfululizo, hakuna tawi, basi ni pentani yenyewe iliyopindwa. Wa tatu una kaboni sita, umetoka. Wa nne una kaboni tano, ila umefungwa, kila kaboni inabeba haidrojeni mbili, jumla ni 10 na si 12. Wa pili una ncha tatu zenye haidrojeni tatu tatu, kona moja yenye mbili na kona ya tawi yenye moja: 9, 2 na 1, jumla 12, na mnyororo mrefu zaidi una kaboni nne.

Maelezo nayo huharibika. Mabaya zaidi ni yale ya umbo: "A inapanda kisha inashuka, kama mpira." Sentensi hiyo imeeleza picha na papo hapo imelisha kosa lenyewe. Dalili yake ni rahisi kuiona, kwani haitaji kipimo chochote, si mita wala sekunde. Baya la pili ni maelezo yasiyo na usawa, ambapo picha iliyopendwa inapata mistari minne na nyingine zinapata neno "hapana". Huyo alichagua kwanza, akaeleza baadaye.

Kuhusu muda, lawama ya kwamba maelezo manne ni marefu mno ni ya kweli kwa anayeeleza kila kitu. Si lazima. Tazama picha zinaachana wapi, na eleza hapo tu. Kwenye swali la mpira, A inaachana na wenzake mwanzoni kabisa, na swali limekwisha kusema mpira uliondoka kwa 20, hivyo inatoka kwa sentensi moja. B, C na D ni picha moja hadi sekunde ya 2, kwa hiyo nusu hiyo haina la kueleza. Zinabaki sentensi tatu fupi za baada ya hapo: unazidi kupaa, unarudi chini, umekwama juu. Mkato huu unafaa tu ukiwa umehakikisha kwamba mihimili ya picha zote inapima kitu kimoja kwa kipimo kimoja, kwa sababu wapo watungaji wanaobadilisha mhimili wa picha moja tu kati ya nne.