Insha dhaifu kila upande: imepita kwa shida au imefeli?

«Insha ina kasoro za hoja, za ushahidi, za mpangilio na za lugha, zote kwa pamoja. Kila nikijumlisha naangukia karibu na mstari wa kufaulu. Nitajuaje kama imepita kwa shida au imefeli kabisa?»

Insha yenye kasoro moja kubwa haimsumbui msahihishaji. Mwanafunzi anayeandika vizuri lakini amejibu swali jingine anafeli, na anayejibu swali kwa lugha mbovu anapita kwa alama ndogo. Kazi ngumu iko kwa ile inayolegea kila mahali bila kuanguka popote waziwazi. Hapo wasahihishaji hugawanyika makundi mawili, na kila kundi lina sababu za kusikilizwa.

Kundi la kwanza linasema: fuata mwongozo, toa alama kwa kila kipengele, jumlisha, kisha ukubali jibu unalopata. Kama kufaulu ni 40 na jumla ni 36, amefeli. Faida ya njia hii ni kwamba mwanafunzi anaweza kuonyeshwa alama zake zilikopotea, na msahihishaji hawezi kumpendelea aliyemgusa moyo kwa sentensi moja. Kundi la pili linasema insha ni kitu kimoja. Kinachopaswa kuamuliwa ni kama mwandishi amefanya kile swali lilichomtaka afanye, na vipengele vinakuja baadaye kueleza amekifanya kwa kiwango gani.

Mimi niko karibu zaidi na kundi la pili, ila si bila masharti. Mfano utaeleza vizuri zaidi.

Swali linasema: «Tathmini hoja kwamba mfumo wa miungano ndio uliokuwa chanzo kikuu cha Vita vya Kwanza vya Dunia.» Mwongozo unatoa alama 40 kwa hoja, 30 kwa ushahidi, 15 kwa mpangilio, na 15 kwa lugha na marejeo. Hapa nimetunga insha mbili za aina ambayo kila msahihishaji anaifahamu.

Insha ya kwanza ni fupi kuliko ilivyotakiwa. Aya zake zimevurugika, utangulizi unaahidi mambo ambayo hayaji, viambishi vya ngeli vinagongana, na marejeo ni mawili tu. Katikati kuna aya inayosema Italia ilikuwa ndani ya muungano na Ujerumani na Austria-Hungaria, lakini vita vilipoanza 1914 haikuingia, na ilipoingia, «mwaka 1916», iliingia upande wa pili. «Kwa hiyo,» anaandika, «mkataba peke yake haukulazimisha nchi kupigana, nchi zilichagua.» Kisha anaiacha hoja hiyo na kuhamia kwenye mashindano ya silaha. Hitimisho lake linasema miungano ilikuwa chanzo kikuu, kinyume na alichokwisha kusema.

Insha ya pili ina sura hiyohiyo: fupi, imevurugika, lugha mbovu, marejeo mawili. Nayo inaitaja Italia. Inasema miungano ilileta vita kwa sababu nchi nyingi zilikuwa ndani ya miungano, na inataja Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia upande mmoja, Ufaransa, Urusi na Uingereza upande mwingine. Inaendelea kwa kusimulia mauaji ya Sarajevo ya Juni 1914 na jinsi vita vilivyoenea. Tarehe zake ziko sawa kuliko za insha ya kwanza. Hitimisho linarudia utangulizi.

Ukisahihisha haraka, zote mbili zinaweza kuangukia 36. Ya kwanza: hoja 15, ushahidi 11, mpangilio 5, lugha 5. Ya pili: hoja 9, ushahidi 15, mpangilio 6, lugha 6. Kwenye karatasi ya matokeo ni wanafunzi wawili waliofeli kwa alama sawa. Nashikilia kwamba wa kwanza amepita kwa shida na wa pili amefeli kabisa.

Tuanze na wa kwanza, tuulize alama zake za hoja zilipungua kwa nini. Msahihishaji akijikagua kwa uaminifu atakuta mwaka usio sahihi (Italia iliingia vitani 1915) umepunguza alama za ushahidi, halafu ukapunguza tena alama za hoja kwa sababu aya ilionekana haiaminiki. Atakuta pia aya zilizovurugika zimeadhibiwa kwenye mpangilio, kisha zikaadhibiwa tena kwenye hoja kwa maelezo kwamba «hoja haifuatiliki». Huku ni kuadhibu kosa moja mara mbili, na ndiko kunakoangusha insha nyingi za mpakani. Kosa likiwa limekwisha kukatwa alama mahali pake, halina haki ya kukata tena kwingine. Ukirudisha kilichokatwa mara ya pili, hoja inapanda hadi 20. Jumla ni 41.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa wa pili. Hakuna cha kurudisha. Alama 9 za hoja hazikutokana na lugha wala mpangilio. Zilitokana na kwamba sababu anayoitoa ni dai lenyewe limegeuzwa maneno: miungano ilileta vita kwa kuwa kulikuwa na miungano. Tena ameiweka Italia kwenye orodha ya ushahidi wake bila kuona kwamba hiyo ndiyo nchi inayoitikisa hoja yake. Anajua mambo kadhaa kuhusu 1914. Hajapima lolote, na swali lilimtaka apime.

Kipimo kinachonisaidia ni kusoma insha kana kwamba lugha na tarehe zimekwisha kusahihishwa, kisha kuuliza kama kuna hoja inayosimama. Ukiuweka mwaka 1915 mahali pa 1916, insha ya kwanza inapata nguvu zaidi. Ukiisafisha insha ya pili yote, unapata insha safi isiyo na tathmini. Kasoro za ya kwanza zimeizunguka kazi iliyofanyika, ilhali za ya pili ziko pale ambapo kazi ilipaswa kufanyika.

Kipimo hiki kina hatari yake, na kundi la kwanza wana haki ya kuitaja. Msahihishaji anayeijua mada vizuri huzisoma hoja ambazo mwanafunzi hakuziandika. Anaona jina la Italia, akili yake inamalizia yaliyobaki, kisha anamlipa mwanafunzi kwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Njia ya kujizuia ni kuweka kidole kwenye maneno. Lazima uweze kunakili kutoka kwenye karatasi ile sentensi inayounganisha ushahidi na dai. Katika insha ya kwanza ipo: «kwa hiyo mkataba peke yake haukulazimisha nchi kupigana». Kama ile «kwa hiyo» ingekuwa yako, usingekuwa na ruhusa ya kumpa alama zake. Nadhani hakuna kanuni nyingine inayookoa haki ya pande zote mbili kiasi hiki.

Pingamizi lao la pili ni zito zaidi. Wanasema wingi wa kasoro ni kasoro kivyake: msomaji hapaswi kuchimba aya nzima ili kupata sentensi moja yenye maana, na aliyetoa sentensi moja kisha akajipinga kwenye hitimisho hajaonyesha kwamba anaelewa alichosema. Kuhusu kujipinga nakubali kwa sehemu. Ndiyo maana hoja imebaki 20 kati ya 40, haikufika 25. Lakini kujipinga kunashusha ubora wa tathmini, hakufuti kuwapo kwake. Ningebadili uamuzi kama sentensi ile ingekuwa imesimama peke yake bila Italia nyuma yake, kwa kuwa hapo ingekuwa dai tupu lililookotwa mahali. Na ningebadili uamuzi mara moja kama mtihani wenyewe ungekuwa wa lugha, maana hapo viambishi vilivyogongana na aya zilizovurugika ndiyo kazi inayopimwa.

Njia yangu nayo ina mpaka, na unaonekana kwenye insha ya tatu: iliyoandikwa kwa lugha safi, marejeo sahihi, masimulizi marefu ya Julai 1914, bila kupima chochote. Jumla yake inaweza kufika 48 huku hoja ikiwa 8 tu. Kwa macho yangu haijafanya kilichotakiwa. Lakini kama mwongozo haukuweka kiwango cha chini cha kipengele cha hoja, siwezi kukibuni nikiwa na karatasi mkononi. Inapita. Sharti kama hilo, mathalani kwamba hoja isipungue 14 kati ya 40, huwekwa kabla ya mtihani na wanafunzi hulijua. Ambaye halipendi tokeo hili ashughulike na mwongozo wa mtihani ujao.

Yote haya yanahusu alama nne au tano, na hilo lenyewe linatosha kumfanya mtu awe mwangalifu. Mwaka 1912 Starch na Elliott, watafiti wa Marekani, waliwapelekea walimu wengi wa Kiingereza karatasi zilezile wazisahihishe, na alama za karatasi moja zikatofautiana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Miongozo imeboreka sana tangu wakati huo, lakini hakuna mwongozo unaoweza kumfanya mtu mmoja kuwa na hakika ya tofauti kati ya 38 na 41. Kwa hiyo «kufeli kabisa» nalitumia kwa insha ambayo sioni msahihishaji makini yeyote akiipitisha hata baada ya kuondoa adhabu za mara mbili. Insha ya pili iko hapo. Ya kwanza ni ya kupelekwa kwa msahihishaji wa pili, ambaye asione alama yangu wala alama nilizochora pembeni, maana akiziona atazisogelea. Nami mwenyewe huirudia baada ya kusoma nyingine za wastani, kamwe si mara tu baada ya karatasi bora ya kundi, kwa sababu insha dhaifu ikifuata insha nzuri huonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Maelezo ya pembeni nayo yatofautiane. Wa kwanza aandikiwe kwamba aya ya Italia ndiyo iliyompitisha, na kwamba hitimisho lake linaipinga. Wa pili akiandikiwa «lugha dhaifu, mpangilio dhaifu, marejeo machache», atakwenda kurekebisha hayo matatu na kurudi na insha ileile iliyofeli. Aandikiwe jambo moja: umetaja nchi sita, chagua moja, ueleze kama mwenendo wake mwaka 1914 unaunga mkono dai la swali au unalipinga, na kwa nini.