Kikoba kimoja cha Mbagala na hitimisho la Tanzania nzima: barua kwa mwanafunzi wangu wa masta

"Shikamoo Dokta. Nimeona komenti zako, hitimisho langu umelikata karibu lote. Ila akina mama 19 kati ya 24 wamesema kipato kimepanda tangu waingie kikoba, hiyo ni asilimia 79, na darasani ulitufundisha kwamba kesi moja inaweza kuwa na uzito. Kwa nini nisiandike kwamba VICOBA vinapunguza umaskini wa wanawake Tanzania?"

Marahaba mdogo wangu. Nilisema kweli na sijabadilika. Wapo wenzangu hapa idarani ambao wakiona kesi moja tu wanaandika "sampo ndogo" pembeni wanafunga faili, mimi naona huo ni uvivu. Kesi moja inaweza kuvunja kauli inayosema "siku zote". Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria wa tumbo yeye mwenyewe, ukuta wa tumbo lake ukavimba, na hoja ya kwamba bakteria hawezi kumdhuru mtu mwenye tumbo lenye afya ikapata pigo kubwa kutoka kwa mtu mmoja. Lakini angalia alichoonyesha, kwamba jambo hilo linawezekana. Kinywaji kile hakikusema vidonda vya tumbo vingapi duniani vinatokana na bakteria, hiyo ilibidi watu wengine waihesabu kwa wagonjwa wengi. Wewe umefanya kazi ya aina ya kwanza halafu kwenye ukurasa wa mwisho ukadai majibu ya aina ya pili, ndo ugomvi wetu wote.

Tuanze na hiyo 79 maana naona umeipenda sana. Hata tukijifanya wale 24 walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye wanavikoba wengi, ukipiga hesabu ya kawaida ya upana wa makadirio kwa uhakika wa asilimia 95 unapata kati ya 60 na 91 hivi. Yani inaweza kuwa sita kati ya kumi, inaweza kuwa tisa kati ya kumi. Na hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, walikuwa kikundi kimoja na mwenyekiti ndo aliyekupeleka kwao, kwa hiyo hata huo upana ni wa kukopa.

Sasa njoo sura ya tatu, kuna sentensi umeipita mbio mbio, kwamba kikundi kilianza na wanachama 30. Wewe umehoji 24. Wale sita wako wapi? Kikoba si kama daladala kwamba mtu anashuka kwa sababu kafika, mara nyingi anayetoka ni yule aliyeshindwa kununua hisa kila wiki au mkopo ulimlemea mpaka akaona aibu kuja kikaoni. Tuseme wote sita hali zao hazikupanda, basi ni 19 kati ya 30, asilimia 63. Inaweza isiwe hivyo, labda wawili walihamia Chamazi na mambo yao safi, lakini kwa sasa wewe unapima dawa kwa kuwauliza waliopona tu.

Halafu kuna mlango wa kuingilia. Kikundi chako hakipokei mtu ambaye hana pa kutoa hela ya hisa kila Jumamosi, na lazima wenzake wa kigenge cha watu watano wakubali kumdhamini. Maana yake hata kabla ya kikoba yule mama tayari alikuwa na genge au banda la chipsi linalotembea. Jirani yake mwenye biashara kama hiyo ambaye hakujiunga, kipato chake kimefanya nini kipindi hicho hicho? Hukumuuliza hata mmoja. Kama naye kimepanda, sifa unayompa kikoba huenda ni ya mtaa kukua na wateja kuongezeka. Tena umewahoji Desemba, wiki ileile ya kuvunja kikoba, mama ana bahasha ya mgao mkononi unamuuliza maisha yamebadilika, ulitegemea akujibu nini? Nenda Machi hela imeshaingia kwenye ada na kodi ya pango uone kama asilimia yako itabaki.

Usidhani nasema vikoba havisaidii, hilo nalo lingekuwa kuvuka mpaka, upande wa pili tu. Kuna utafiti wa mchumi Dean Karlan na wenzake wa 2017 kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa Ghana, Malawi na Uganda, wao waliyagawa maeneo kwa bahati nasibu, mengine yakahamasishwa kuanzisha vikundi mengine yakasubiri. Wakaona biashara za kaya zimekuwa na matokeo mazuri zaidi na wanawake wana sauti zaidi, ila kwenye matumizi ya kaya kwa wastani hawakuona ushahidi wa kupanda. Hiyo haikupingi moja kwa moja, maana wao walipima eneo zima na wengi humo hawakujiunga kabisa. Ila ona jinsi watu wenye maelfu ya kaya na maeneo ya kulinganisha walivyotenganisha "biashara" na "umaskini", wewe mwenye kaya 24 umeviunganisha kwa sentensi moja.

Kinachoniuma ni kwamba kitu chako kizuri umekizika ukurasa wa 61. Yule mama muuza samaki, mhojiwa namba 7. Ana hisa za laki mbili, kikundi kinakopesha mara tatu, akachukua laki sita, laki nne ikaenda ada ya mtoto, mbili ikaingia kwenye samaki. Mwezi wa tatu samaki wakaadimika, rejesho likafika, akaenda kukopa kikoba kingine cha mtaa wa pili ili alipe hiki. Na ukamuuliza kipato, akasema kimepanda! Kwenye jedwali lako ni mmoja wa wale 19. Nimerudia kusoma mahojiano yako, nimekuta wengine wanne wanazungusha hivyo hivyo, na kwenye daftari la mhazini wote watano wanaonekana walipaji wazuri kabisa.

Hapo sasa una kesi yenye uzito. Watu wengi wanapima afya ya kikoba kwa marejesho, wakiona watu wanalipa wanasema mambo yanaenda. Wewe una ushahidi kwamba rejesho kamili linaweza kufunika deni lililohamia kwa jirani. Kusema hivyo huhitaji vikundi mia, kimoja kinatosha, kwa sababu hudai ni wangapi wanafanya, unadai tu kwamba inatokea na unaonyesha inatokeaje, hatua kwa hatua. Kama Mbeya hakipo hicho kitu, sentensi yako bado imesimama.

Kwa hiyo andika hivi: "Katika kikundi kimoja cha Mbagala, wanachama watano kati ya 24 waliobaki walilipa rejesho kwa kukopa kikundi kingine, hivyo kiwango cha marejesho peke yake hakikuonyesha hali yao ya madeni." Najua inaonekana ndogo ukiilinganisha na "Tanzania". Mtahini wa nje akiuliza kwenye vaiva utaitetea umekaa, ile nyingine atakuuliza wale sita tu na utatoka jasho.

Mapendekezo kwa serikali futa yote saba, acha moja la kuwashauri wahazini wawaulize wakopaji kama wana mkopo kwingine. Jina la tasnifu nalo toa neno "athari".

Una wiki tatu. Omba kwa mhazini majina ya waliotoka, mwombe yeye kwanza awaulize kama wako tayari kuongea na wewe, na safari hii mwenyekiti asikusindikize. Ukiwapata hata watatu nipigie kabla hujagusa sura ya tano.