Kigimbi cha sentimita 31: utepe au mizani kwa mzee wa Lamu?

Kuna mvutano usiokwisha kati ya wanaopima lishe ya wazee majumbani. Upande mmoja unasema mhudumu wa afya ya jamii asibebeshwe mizani ya kuzunguka nayo vichochoro vya Mkomani au kuvuka nayo kwa mashua hadi Faza, kwa sababu utepe wa mfukoni wa kupimia kigimbi unatosha. Upande wa pili unasema utepe umepewa nguvu kuliko unavyostahili. Kila upande una haki yake. Ili kuona haki hiyo inaishia wapi, ni lazima kuangalia alama zinavyohesabiwa.

Fomu fupi ya tathmini ya lishe, MNA-SF, ina maswali sita na jumla ya alama 14. Matano ya kwanza yanauliza kama chakula kimepungua kwa miezi mitatu iliyopita, kama uzito umepungua, kama mzee anatoka nje, kama amepata msiba mzito au ugonjwa wa ghafla, na kama ana sonona au kupotewa na akili. La sita ni la mwili. Ukiwa na uzito na urefu, unagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kisha unatoa alama 0 chini ya 19, 1 kuanzia 19, 2 kuanzia 21, na 3 kuanzia 23. Ukivikosa, unapima mzunguko wa kigimbi: chini ya sentimita 31 ni 0, na 31 au zaidi ni 3. Alama 12 hadi 14 ni hali nzuri, 8 hadi 11 ni hatarini, 7 kushuka chini ni utapiamlo.

Mizani ina ngazi nne, utepe una mbili tu: 0 au 3. Katika fomu ndefu ya awali, yenye alama 30, kigimbi kilipewa alama 1. Katika toleo fupi la 2009 kinaweza kuleta 3 kati ya 14. Kwa hiyo milimita chache, ambazo kwenye fomu ndefu zisingesumbua mtu, hapa zinaweza kumhamisha mzee kutoka kundi moja hadi jingine.

Tuchukue bibi wa miaka 78 anayeishi ghorofa ya juu Mkomani. Hula kidogo kuliko zamani (1), hajui kama amekonda (1), hutembea ndani lakini hashuki ngazi (1), hajaugua wala kufiwa (2), akili zake timamu (2). Ana alama 7 kabla ya kupimwa mwili. Utepe ukikaa penye unene mkubwa wa kigimbi unasoma 31.2, na jumla inakuwa 10, hatarini. Ukiteremka vidole viwili kuelekea kifundo unasoma 30.6, jumla inabaki 7, utapiamlo. Ni bibi yuleyule, mguu uleule, asubuhi ileile.

Ndiyo maana namna ya kupima ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Bibi akae mguu ukining'inia bila kukaza msuli, au asimame akigawa uzito wake sawa kwa miguu yote miwili. Asiyeweza kuinuka apimwe amelala, goti likikunjwa kama kona ya mlango. Nguo ipandishwe, utepe usipite juu ya deira. Uzungushe ukiwa umelala sawa, uguse ngozi bila kuibinya, kisha upime tena juu kidogo na chini kidogo ili kuhakikisha namba ya kwanza ndiyo kubwa. Utepe wa rangi wa kupimia mikono ya watoto haufiki, ni mfupi mno. Ule wa fundi cherehani unafaa, lakini ukizeeka hurefuka, basi uulinganishe na rula ya chuma mara kwa mara, na usome upande wa sentimita, si inchi.

Pwani kuna tatizo jingine ambalo fomu yenyewe hailioni: matende. Mguu uliovimba kwa matende, au kwa maji ya ugonjwa wa moyo au figo, utavuka 31 kwa urahisi huku mwenyewe akiisha nyama. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu kwa sekunde chache. Kikibaki kishimo, utepe hauna la kusema kwenye mguu huo. Matende ya muda mrefu hayaachi kishimo, kwa hiyo tazama pia ngozi iliyokakamaa na ulinganishe miguu miwili. Mmoja ukiwa mzima, pima huo; yote miwili ikivimba, acha utepe. (Mizani nayo hupima maji hayohayo, lakini watetezi wake hawapendi kukumbushwa.)

Mizani ina aibu yake nyingine, nayo ni mgongo. Bibi wetu ana kilo 46, na akisimama ukutani na kibiongo chake anapimwa mita 1.50. Hesabu inatoa 20.4, alama 1, jumla 8: hatarini. Lakini urefu huo si wake wa kweli. Akinyoosha mkono upande, pima kutoka kwenye kishimo cha chini ya koo hadi kati ya kidole cha kati na cha pete. Kwa mwanamke, zidisha sentimita hizo kwa 1.35 na uongeze 60.1, kwa mwanamume, 1.40 na 57.8. Yeye anapata sentimita 71, sawa na urefu wa 156 hivi. Hesabu inashuka hadi 18.9, alama 0, jumla 7. Mgongo uliopinda ulikuwa umemnenepesha kwenye karatasi.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuuchukia utepe, wala ya kuupendelea. Fomu yenyewe inasema kigimbi hutumika pale uzito na urefu visipopatikana, na hapo ndipo mahali pake: mtu wa kitandani, au nyumba isiyofikika kwa mizani. Lakini andika sentimita zenyewe, si 0 au 3 peke yake, na uandike ni mguu gani. Namba kati ya 30.5 na 31.5 ningeihesabu kuwa ya shaka na kutafuta mizani kabla ya kuamua. Ziara ijayo tumia kipimo kilekile. Aliyepimwa kwa utepe Machi na kwa mizani Juni hajapanda wala kushuka, amebadilishiwa kipimo.

Kinachonisumbua zaidi si swali la sita bali la pili. Jibu la "sijui" lina alama 1, na wapimaji wengi huliandika upesi na kusonga mbele. Uliza kama bangili inateleza, kama kikoi kinafungwa mzunguko zaidi. Uliza pia la kwanza kwa makini mwezi wa Ramadhani: kupungua kwa chakula kunahesabiwa kukitokana na hamu, tumbo, kutafuna au kumeza, si kwa sababu ya saumu. Kisha omba kadi ya kliniki ya presha. Tuseme ya bibi huyu inaonyesha kilo 50 miezi mitatu iliyopita. Amepoteza 4, asilimia 8 ya mwili wake, na swali la pili linashuka hadi 0. Kwa utepe wa 31.2 bado ana alama 9, hatarini tu. Kwa mizani, hata kwa urefu ule wa kibiongo, ana 7, na anapaswa kwenda kliniki wiki hiihii.