Asilimia 54 ya nini?

Kila mwaka nawapa wanafunzi wangu wa chuo cha ufundi swali lile lile la ribiti, zile pini za chuma zinazofunga pleti pamoja, na kila mwaka majibu mengi huishia kwenye asilimia. Wanaandika ufanisi wa kiungo ni 47%, wanaupigia mstari chini, wanafunga daftari. Nami narudisha daftari na wino mwekundu: kimevunjika nini hapo? Sijali kama hesabu ni sahihi. Asilimia isiyosema ni kitu gani kitavunjika kwanza naihesabu kuwa nusu ya jibu.

Swali lenyewe ni hili. Pleti mbili za chuma, kila moja unene wa milimita 10, zimelaliana ukingoni na kufungwa kwa safu moja ya ribiti za milimita 20. Kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 50; umbali huo ndio pichi. Tunachukua mkazo unaoruhusiwa kuwa niutoni 80 kwa kila milimita ya mraba pleti ikivutwa, 60 ribiti ikikatwa na 120 chuma kikigandamizwa ndani ya tundu. Kisha tunaangalia kipande kimoja tu chenye upana wa pichi moja, maana vingine vyote vinafanana nacho.

Kipande hicho kina njia tatu za kushindwa. Ribiti inaweza kukatwa katikati, pale pleti mbili zinapokutana, kama kisu kinavyokata muhogo. Tundu linaweza kutanuka kwa sababu ribiti inasukuma ukuta wake hadi chuma kinabonyea. Au pleti yenyewe inachanika kutoka tundu hadi tundu, mahali ambapo chuma kimepungua kwa sababu tumekitoboa.

```
kukatwa   = (π/4) × 20² × 60     = 18,850 N
kubonyea  = 20 × 10 × 120        = 24,000 N
kuchanika = (50 − 20) × 10 × 80  = 24,000 N
pleti nzima = 50 × 10 × 80       = 40,000 N
```

Ndogo kuliko zote ni 18,850. Ukiigawanya kwa 40,000 ya pleti isiyotobolewa unapata 47%, na uwiano huo ndio ufanisi wa kiungo. Jibu kamili basi ni kwamba kiungo kina 47% na kitaanza kwa ribiti kukatwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayomwambia fundi afanye nini.

Kwa kuwa ribiti ndiyo dhaifu, inafaa kuzisogeza karibu zaidi. Pichi ikishuka hadi milimita 44, nguvu ya kuchanika inakuwa niutoni 19,200, karibu sawa na 18,850 ya ribiti, na ufanisi unapanda hadi 53.6%. Mwanafunzi akiona hivyo anafurahi na kuendelea kubana. Akifika milimita 40, pleti ndiyo inayotangulia: iliyobaki kati ya matundu inabeba 16,000 tu, na ufanisi umerudi 50%. Kuanzia hapo kila ribiti anayoiongeza kwenye safu ile inakipunguzia kiungo nguvu. Nimeona kosa hili nje ya darasa pia. Kiungo kinalegea, mtu anachukua drili na kutoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani, na baadaye ufa unapita humo humo, tundu hadi tundu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Dawa ya kweli ni safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Tukiweka safu mbili zenye pichi ya milimita 70, kila kipande kina ribiti mbili za kukatwa lakini mstari wa kuchanika unapita kwenye tundu moja tu, mradi safu zenyewe zisikaribiane mno. Kukatwa kunafika 37,700, kuchanika 40,000, pleti nzima 56,000. Ufanisi ni 67%. William Fairbairn, mhandisi wa Manchester, alizivuta pleti za namna hii mpaka zikakatika na kupata 56% kwa safu moja na 70% kwa safu mbili. Majaribio yake aliyaanza mwaka 1838. Napenda kuwaonyesha wanafunzi kwamba penseli na karatasi vinawafikisha karibu kiasi hicho na mashine yake.

Sasa niseme kwa nini naisumbukia hii asilimia. Chukua kiungo chetu kizuri cha pichi 44, kiache miaka mingi kwenye unyevu, kutu ile milimita 3, pleti ibaki 7. Ribiti haijali, bado inabeba 18,850. Tundu linabeba 16,800. Pleti inachanika kwa 13,440. Kiungo kimepoteza zaidi ya robo ya nguvu yake, na kimehamia kutoka kukatwa kwa ribiti hadi kuchanika kwa pleti. Piga hesabu ya ufanisi kwa pleti hiyo hiyo iliyoliwa: 13,440 kwa 24,640, yaani 54.5%. Umepanda! Kwa sababu pleti nzima nayo imekonda, uwiano unaonekana bora wakati kitu chenyewe kinakufa. Anayekagua chombo cha zamani aandike niutoni na aina ya kuvunjika kwanza, asilimia baadaye, tena aipime dhidi ya pleti ilivyokuwa mpya. Ukifanya hivyo unapata 38%, na hiyo ndiyo habari ya kweli.

Kati ya njia tatu, mimi ningechagua kubonyea kama ningeruhusiwa kuchagua, kwa sababu kunatoa taarifa. Tundu linakuwa yai, ribiti inacheza ukiigonga kwa nyundo ndogo huku kidole kikiwa upande wa pili, na kutu nyekundu inachirizika chini ya kichwa chake. Unapata muda wa kushusha mzigo. Ribiti ikikatwa, mzigo wake unawarukia majirani, nao wanaweza kufuata mmoja mmoja kwa haraka.

Lakini hesabu zote hizi zinadhani pleti inavutwa ikiwa imenyooka, na pleti zilizolaliana hazijanyooka. Moja iko juu ya nyingine, kwa hiyo mvuto unataka kuzikunja. Kwenye boila ni mbaya zaidi: penye kulaliana mviringo haukamiliki, na kila presha inapopanda na kushuka pleti inajikunja kidogo pale pale, pembeni mwa ribiti. Tarehe 20 Machi 1905, huko Brockton, Massachusetts, boila la kiwanda cha viatu cha Grover lililipuka na kuua watu 58. Ufa ulikuwa kwenye kiungo cha kulaliana, umefichwa upande ambao pleti moja inafunikwa na nyingine, mahali jicho la mkaguzi halifiki. Mwaka 1907 jimbo hilo lilitunga kanuni za boila, na mbele ya safari mishono ya urefu ya boila kubwa ikawa ya pleti zinazokutana kichwa kwa kichwa, zikibanwa na vibao viwili vya chuma, ndani na nje, ili mvuto upite katikati.

Ndiyo maana kwenye mtihani wa muhula huu nimeongeza mstari mmoja chini ya swali la zamani: chora kiungo kikiwa kimevutwa, uonyeshe kinajikunja wapi.