Kufuli halikwambii ukurasa ni wa nani

Tangu juzi kuna linki inapita kwenye magrupu ya WhatsApp, Unguja na Pemba: "Jamani naomba mumpigie kura mwanangu, zimebaki kura chache." Ukibonyeza unakuta ukurasa wa Facebook, buluu ile ile, unataka namba ya simu na neno la siri. Watu wanaweka, maana aliyetuma ni shangazi yao. Kumbe shangazi hajatuma kitu. Akaunti yake iliibiwa kwa linki hiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni ushauri unaofuatia: "Angalieni kama kuna kufuli." Jamani, tuache kufundishana hivi! Kufuli maana yake ni kwamba unachoandika hakisomeki njiani kikienda kwenye tovuti ile, hata tovuti ikiwa ya mwizi. Cheti cha kuliweka hutolewa bure, na mwizi anakipata kwa dakika chache. Rangi na nembo ndiyo kabisa, zinanakiliwa tu.

Kinachomfichua ni anwani. Tuchukue hii ya mfano:

```
https://facebook.com.kura-watoto.example/login
```

Ruka `https://`, kisha nenda mpaka mshazari `/` unaofuata, usimame hapo. Sasa rudi nyuma ukitokea kulia: `example`, halafu `kura-watoto`. Vipande hivyo viwili ndivyo vinavyomtaja mwenye tovuti. `facebook.com` ya mwanzoni ni maneno aliyoyabandika mwenyewe, kama mtu anavyoweza kuandika lolote juu ya mlango wa nyumba yake. Linganisha na `m.facebook.com`: ukitokea kulia unapata `com`, kisha `facebook`. Hiyo ni yao. Kistari nacho si nukta, kwa hiyo `facebook-kura.com` ni jina jingine kabisa. Kwa anwani zetu za `.go.tz` na `.co.tz`, hesabu vipande vitatu.

Kwenye simu anwani hukatwa kwa udogo wa kioo. Iguse, kisha ivute kwa kidole uione yote.

Wengine huweka kwanza neno la siri la uongo, na likikataliwa wanaamini ukurasa ni wa kweli. Mtego huo umeshapitwa. Zipo kurasa bandia zinazopeleka unachoandika Facebook yenyewe papo hapo na kukurudishia jibu lake, kwa hiyo la uongo litakataliwa vile vile. Hata namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji huchukuliwa hivyo hivyo na kutumika kabla hazijaisha muda.

Nakubali, si kila mama ana macho ya kusoma maandishi madogo namna hiyo. Yeye mwambieni asiingie akaunti kupitia linki yoyote. Afungue programu ya Facebook mwenyewe.

Aliyekwishaweka abadilishe neno la siri sasa hivi akiwa ndani ya programu, aondoe vifaa vyote asivyovitambua, na kama barua pepe yake inatumia neno hilo hilo, aanze na barua pepe. Kisha ampigie simu shangazi.