Friza iliyoingia maji: modeli ieleze nini kwenye picha ya dai la bima

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Kilwa. Hali ikiwa hivyo, mkadiria hasara hafiki mapema, na mwenye duka hawezi kukaa na tope siku zote hizo akimngoja. Hupiga picha, husafisha, kisha hudai. Hapo ndipo linapokuja wazo la kuipa modeli ya akili mnemba zile picha iandike maelezo ya dai. Wengine wanataka iende mbali zaidi, itaje na hasara kwa shilingi. Wengine hawataki hata iziguse.

Tuchukue friza ya kulala ya muuza samaki wa Lindi mjini. Kwenye picha nzuri modeli inaweza kuandika kwamba friza ni nyeupe, ya mfuniko mmoja. Kwamba alama ya tope imenyooka pande mbili zinazoonekana. Kwamba futi ya fundi iliyosimamishwa kando yake inasoma sentimita 42 pale alama ilipo. Kwamba kompresa, iliyo chini nyuma, ina tope. Na kwamba lebo inasomeka 220–240V, R600a. Kila sentensi hapo mtu wa pili anaweza kuihakiki kwa macho yake. Pasipo futi, ile 42 inageuka kisio, na simu ikiinamishwa kidogo tu kisio hicho kinapotoka. Namba ndefu za lebo nazo ni za kuangaliwa upya, maana 8 na B, au 0 na O, huchanganywa kwa urahisi, hasa mwanga wa simu ukimulika bati linalong'aa.

Sasa modeli iandike kwamba kompresa imekufa? Haijui, na picha haiwezi kuijulisha. Kompresa ya friza imefungwa kabisa, hivyo maji mara nyingi hayaingii ndani yake. Vinavyoumia kwanza ni relei ya kuwashia, vituo vya nyaya na thermostati. Fundi hukausha, hupima kama umeme unavuja kwenda kwenye bati la friza, ndipo huwasha. Anayechomeka kabla ya kupima anaweza kuunguza kile kilichokuwa kimepona. Kwa upande mwingine, povu lililo kati ya kuta mbili linaweza kuwa limenyonya maji, likapoteza uwezo wa kutunza baridi, huku bati la nje linang'aa baada ya kufutwa. Kwa hiyo picha ya kutisha inaweza kuwa ya friza inayotengenezeka, na picha safi ikawa ya friza isiyofaa tena.

Wanaotaka bei wana hoja moja nzito: kwa kitu kidogo, safari ya mkadiria inaweza kugharimu zaidi ya kitu chenyewe. Ni kweli. Lakini bei ya dai haimo kwenye picha. Chukua mfano wa mkataba wenye kanuni ya uwiano: friza ina thamani ya shilingi 1,000,000, mwenyewe aliikatia bima ya 600,000, na matengenezo ni 500,000. Amelipia asilimia 60 ya thamani, basi atapata asilimia 60 ya hasara, yaani 300,000, kabla ya makato mengine. Umri wa friza, risiti, na kama mafuriko yamo kwenye mkataba au la, vyote viko nje ya picha. Dai dogo likitakiwa kwenda haraka, risiti na makisio ya fundi vinatosha kuliko tarakimu iliyobuniwa, ambayo ikishatajwa mteja ataishikilia na mkadiria ataanzia hapohapo.

Wanaoikataa modeli kabisa nao wamegusa penye ukweli, ingawa mimi sifiki walikofika. Hatari kubwa naiona kwenye vivumishi. “Imeharibika vibaya” na “ni chakavu” ni hukumu tayari, hata kama hakuna shilingi iliyotajwa. Doa la kahawia kwenye kona linaweza kuwa tope la jana au kutu ya miaka mitatu, na neno moja likikosewa linageuza dai halali kuwa la kutiliwa shaka. Agizo kwa modeli liwe la kubana:

“Andika sehemu tatu: yanayoonekana, yasiyoonekana, yasiyo wazi. Taja mahali, rangi na kipimo kinachosomeka. Usitaje chanzo, ukubwa wa hasara, kama kifaa kinafanya kazi, wala bei.”

Kwa agizo hilo, kona ile itaandikwa “doa la kahawia kona ya chini kushoto, haiko wazi kama ni tope au kutu,” na mkadiria atajua pa kukwangua. Picha zenyewe zipigwe kabla ya kusafisha: nzima, pande zote, kisha lebo kwa karibu. Ukizituma kwa WhatsApp zitume kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali zilipopigwa.