Tiketi Ifungwe Aliyeripoti Akinyamaza?

“Tumerekebisha hitilafu, tukamwomba aliyeripoti ahakikishe, na sasa wiki mbili zimepita hajajibu. Tufunge tiketi au tuiache wazi?”

Swali hili kuhusu tiketi, yaani rekodi ya hitilafu iliyoripotiwa, haliwezi kujibiwa kabla ya kujua kama aliyerekebisha aliwahi kuiona hitilafu yenyewe kwa macho yake. Ikiwa aliitokeza kwanza katika mazingira ya majaribio, kisha baada ya marekebisho akarudia hatua zilezile isitokee tena, basi ushahidi anao tayari, na jibu la aliyeripoti lingekuwa nyongeza tu. Ikiwa alikisia chanzo kutokana na maelezo aliyoyasoma, ukimya hauthibitishi lolote, hata ukiendelea miezi mitatu.

Nichukue kisa cha yadi moja ya makontena huku Changamwe, ambako malori hulipia maegesho saa zote za mchana na usiku. Karani wa zamu ya usiku aliripoti kwamba baadhi ya malipo yanaonekana chini ya tarehe ya jana, na kwamba karatasi ya hesabu ya mwezi hailingani na stakabadhi alizo nazo mkononi. Chanzo kilikuwa cha kawaida sana: hifadhidata ilitunza saa kwa UTC, saa ya marejeo ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa 3, na ripoti ilipanga malipo kwa tarehe ya UTC. Lori lililolipa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 3 lilihesabiwa kuwa limelipa saa 23:00 ya tarehe 2. Makarani wa mchana hawakuwahi kuliona tatizo hilo kwa sababu liligusa tu malipo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja:

```sql
-- kabla
GROUP BY date(paid_at)
-- baada
GROUP BY date(paid_at AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')
```

Msanidi aliingiza malipo ya majaribio ya saa nane usiku, akafungua skrini ya ripoti ya siku, akaona tarehe imekaa sawa. Akaandika kwenye tiketi, “Tafadhali angalia kama sasa iko sawa.” Siku 14 zikapita bila jibu, akaifunga kuwa imetatuliwa. Mwisho wa mwezi mhasibu akakuta hesabu bado ina kasoro, kwa kuwa karatasi ya mwezi haikusoma malipo yenyewe, bali ilisoma jedwali la jumla za kila siku ambalo lilikuwa limeshajazwa kwa tarehe zisizo sahihi kabla ya marekebisho, na hakuna aliyelikokotoa upya. Karani alikuwa ameitaja karatasi hiyo katika ripoti yake ya kwanza. Ombi la kuhakikisha halikumfikia, maana lilitumwa kwa barua pepe ya ofisi ambayo hufunguliwa na msimamizi wa mchana.

Wanaotetea kuacha tiketi wazi watasema kisa hiki kinawapa haki, na kwa kiasi fulani ni kweli. Anayeripoti mara nyingi si mtu wa kompyuta; yuko zamu, au bando limeisha, au ameshazoea njia yake ya kukwepa tatizo na haoni sababu ya kulirudia. Kumfungia tiketi ni kumwambia kwamba jambo lake limekwisha ilhali hajaulizwa kwa namna anayoweza kujibu.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja nzito ambayo wenye huruma huipuuza. Tiketi inayosubiri jibu la mtu asiyewajibika kujibu haina mwisho, na zikirundikana, zile zenye kazi halisi hupotea katikati yake. Isitoshe, aliyerekebisha husahau: baada ya miezi miwili hakumbuki tena alibadilisha nini na kwa nini, hivyo tiketi iliyoachwa wazi kwa heshima ya mteja haimsaidii hata mteja mwenyewe. Mradi wa KDE, unaotengeneza programu huria za kompyuta, umeamua jambo hili bila kigugumizi: ripoti ikiwekwa katika hali ya `NEEDSINFO`, yaani inasubiri taarifa, aliyeripoti hukumbushwa baada ya siku 15, na ikikaa siku 30 bila mabadiliko hufungwa. Ninachokiheshimu zaidi katika utaratibu huo ni kwamba ripoti hiyo hufungwa kwa `WORKSFORME`, yaani kwangu inafanya kazi, badala ya `FIXED`, yaani imerekebishwa. Rekodi haidai kwamba kuna kilichorekebishwa. Inasema tu kwamba kwa taarifa zilizopo hitilafu haikuonekana. Atakayeipata hitilafu ileile mwaka ujao atajua kwamba chanzo chake hakikuthibitishwa.

Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu, nayo hutenganisha `RESOLVED`, yaani imetatuliwa, na `VERIFIED`, yaani imehakikiwa, na hali hiyo ya pili imekusudiwa wakaguzi wa ubora, wala haimsubiri aliyeripoti. Nadhani timu zetu ndogo hapa Mombasa zimeusahau mgawanyo huo. Tunamgeuza karani kuwa mkaguzi wetu bila malipo, kisha tunamlaumu kwa kunyamaza. Katika kisa cha yadi, uhakiki uliwezekana bila yeye: ingetosha kujumlisha malipo ya kila siku moja kwa moja, kisha kuyalinganisha na jedwali la jumla. Tofauti zingejitokeza siku hiyohiyo. Hitilafu ambayo kweli humhitaji aliyeripoti ni ile iliyofungamana na kifaa alicho nacho yeye peke yake, kwa mfano printa ndogo ya stakabadhi inayokata mstari wa mwisho ikiunganishwa na simu ya aina fulani. Hapo, asipojibu, sioni uhalali wa kuandika kwamba imetatuliwa.

Muda wa kusubiri nao huwekwa kimazoea, wiki mbili kwa kila kitu, bila kutazama hitilafu hujitokeza mara ngapi. Hitilafu iliyokuwa ikitokea mara tatu kwa wiki ingetarajiwa kutokea kama mara sita katika wiki mbili; kama watu wanaendelea kuutumia mfumo na kumbukumbu za seva hazionyeshi chochote, hilo lina uzito. Karani naye hawezi kuihakikisha karatasi ya mwezi kabla mwezi haujafungwa, hata angekuwa mwepesi wa kujibu kiasi gani. Kama jibu lake ndilo lililosubiriwa, tiketi ile ilistahili kusubiri mwezi ufungwe.

Ombi lenyewe pia liliandikwa vibaya. Lingeweza kusema: “Marekebisho yamewekwa leo jioni. Kesho asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu, fungua ripoti ya siku na utazame lori lolote lililolipa kati ya saa sita na saa tisa usiku; linapaswa kuwa chini ya tarehe ya kesho. Karatasi ya mwezi tutaitazama pamoja na mhasibu mwezi ukifungwa.” Ombi la namna hiyo hujibiwa kwa dakika chache, na lipelekwe kwa simu ya karani mwenyewe, si kwa barua pepe ya ofisi.

Kwa hiyo mimi ningefunga, ila kwa sababu inayosema ukweli, na kwa sharti kwamba kufungua tena kusimgharimu aliyeripoti chochote. Sharti hili si dogo. Katika GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya programu, aliyeandika ripoti hawezi kuifungua tena mwenyewe ikiwa ilifungwa na msimamizi wa mradi; hubaki kuandika maoni chini ya ripoti iliyofungwa, ambayo huenda hakuna anayeyasoma. Timu inayofunga kwa ukimya katika mfumo wa namna hiyo inapaswa kumtaja mtu atakayesoma maoni hayo, na kumwachia karani namba ya simu ya mtu huyo ndani ya ujumbe wa kufungia.